Kuunganisha msitu wa kijiji na Rungwe kwa kijito cha kilomita 1.8: mita 120 zinatosha?

MjumbeWaMaliasili

Habarini wakuu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji, upande wa Isongole huku Rungwe. Kuna jambo limetugawa kwenye kamati, naomba wenye uelewa mtusaidie kabla ya mkutano mkuu wa kijiji.

Kijiji kina msitu wake wa asili, hekta 180. Wazee wanasema enzi zao ulikuwa kitu kimoja na msitu wa mlima Rungwe. Leo katikati ni viazi na pareto. Kilichobaki ni kijito kinachoshuka kutoka hifadhini hadi pembeni mwa msitu wetu, urefu wake kilomita 1.8 kwa kupima kwenye ramani. Kingo zake zimelimwa karibu zote, miti imebaki kwenye makorongo tu. Amepatikana mfadhili wa miche, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inatupa nguvu maana inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu kingo ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Kwa hiyo tuna mita 60 huku na 60 kule, jumla 120, bila kunyang'anya shamba la mtu kisheria.

Ubishi uko hapa. Wengine wanataka paina humo, kwamba inakua haraka na baadaye kijiji kitauza mbao. Wengine wanataka miti ya asili. Mzee mmoja anasema hakuna mnyama atakayepita kwenye kamba ya miti ya mita 120, tunapoteza nguvu. Na vijana wametangaza tayari kwamba kipunji, yule kima adimu wa huku, atakuja mpaka msitu wetu na watalii watamfuata. Upana huo unatosha kweli? Na kipunji atapita?

Mhitimu_Moro

Mkuu, mzee wenu ana hoja. Hili suala lina nadharia yake, tulisoma Morogoro. MacArthur na Wilson, 1967. Walikuwa wanaangalia visiwa vya baharini: kisiwa kikubwa kina spishi nyingi, kidogo chache, na kilicho mbali na bara kina chache zaidi kwa sababu wageni hawafiki. Idadi unayoikuta kisiwani ni mizani kati ya wanaoingia na wanaotoweka. Baadaye watu wakaona msitu uliozungukwa na mashamba ni kisiwa vilevile, ila maji yake ni viazi.

Fomula ni hii:

```
S = c × A^z
```

S ni idadi ya spishi, A ni eneo, c na z ni namba za kupima. Kwa visiwa z huwa karibu 0.25. Ukipunguza msitu ukabaki asilimia 10 ya ulivyokuwa, unabaki na asilimia 56 ya spishi, nyingine zitaondoka polepole hata kama hakuna anayekata mti tena. Sasa hekta 180 ni kisiwa kidogo sana. Nadharia inasema wazi hifadhi moja kubwa inashinda ndogo nyingi. Ushauri wangu: achaneni na ushoroba, yaani huo ukanda wa kupitisha wanyama, nguvu zote ziende kulinda Rungwe yenyewe. Kipande kidogo kitakufa tu.

IgawaKwetu

Mimi niko Wanging'ombe, kwenye ule ushoroba wa Igando–Igawa unaounganisha Ruaha na Mpanga-Kipengere. Nyie mnaotafuta ushoroba hamjui mnachokitafuta. Tembo wakishuka msimu wa mahindi kukomaa, usiku mmoja shamba limekwisha. Barabara kuu ya Tanzania na Zambia inakatiza humohumo. Swali langu kwa mtoa mada: kamati yenu imeshajadili kifuta jasho? Maana ukiomba unaambiwa ujaze fomu, ukijaza unasubiri. Msikubali kupanda mti hata mmoja kabla ya hilo.

MjumbeWaMaliasili

Pole sana mkuu. Huku kwetu hakuna tembo. Wapo kima, mbega, digidigi wa msituni, nguruwe pori, na ndege wengi. Ila la mazao nalichukua, maana hata kima wanamaliza mahindi.

@Mhitimu_Moro nimekuelewa, lakini mbona umesema kipande kidogo kitakufa "tu"? Hicho kipande ndicho kinatupa maji.

MamaMivengi

Mjumbe, nimefanya kazi kwenye misitu ya milima ya Udzungwa upande wa Iringa kwa muda mrefu, na Rungwe nimefika mara kadhaa. Nianze na alichosema mwanangu Mhitimu, kwa sababu nusu yake ni ya kweli na ndiyo nusu inayofaa kufanyia kazi.

Fomula ni sahihi. Lakini z haiko namba moja. Kwa visiwa vilivyotengwa huwa karibu 0.25. Ukichukua kipande cha msitu ambacho bado kimeungana na msitu mkubwa, wanyama wanaingia na kutoka, z hushuka kuelekea 0.15. Hiyo tofauti ndiyo kazi yote ya ushoroba, na tunaweza kuipigia hesabu kwa msitu wenu.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Rungwe ina takriban hekta 13,652. Si zote ni msitu mnene, kuna vichaka na majani kule juu, lakini tuitumie hivyo. Nyie mna 180, yaani kama sehemu moja kwa sabini na tano. Kama msitu wenu umetengwa kabisa, z ya 0.25 inasema mwishowe utabaki na kama theluthi moja ya spishi za Rungwe. Ukiunganishwa vizuri, z ya 0.15 inasema kama nusu. Kutoka theluthi hadi nusu si jambo dogo kwa msitu wa kijiji, na huo ndio ukomo wa kile ambacho ushoroba unaweza kuwapa, hata ukiwa mzuri namna gani.

Sasa geuza upande. Rungwe inapata nini kwa kuungana na nyie? Inaongezewa hekta 180 juu ya 13,652, asilimia 1.3 ya eneo. Kwenye idadi ya spishi haifiki hata nusu ya asilimia moja. Kwa hiyo ushoroba wenu unausaidia msitu wenu, hauuokoi mlima. Mkiwaambia wananchi mnaokoa mlima, mtakuwa mmewadanganya, na wakigundua hawatawaamini tena kwenye lingine.

Mhitimu_Moro

Sawa Mama, lakini si ndiyo inathibitisha? Moja kubwa inashinda ndogo nyingi. Jared Diamond aliandika kanuni za kubuni hifadhi mwaka 1975 kutokana na nadharia hiyohiyo.

MamaMivengi

Alizichora, na mwaka uliofuata, 1976, Simberloff na Abele wakajibu kwamba nadharia yenyewe haisemi hivyo. Jaribu mwenyewe. Gawa msitu mara mbili sawasawa: kila nusu inabaki na asilimia 84 ya spishi. Kama nusu zote mbili zina spishi zilezile, umepoteza. Kama moja iko bondeni na nyingine iko kwenye ubaridi wa juu, kila moja ina zake, na kwa pamoja zinaweza kuzidi. Fomula inahesabu majina, haikuambii ni majina gani. Na huyo Simberloff hakuwa mtu wa makaratasi tu. Yeye na Wilson walichukua visiwa vidogo vya mikoko kule Florida, wakavifunika turubai, wakapuliza dawa hadi wadudu wote wakafa, kisha wakahesabu wanaorudi. Ndani ya mwaka mmoja karibu vyote vilirudi kwenye idadi yake ya mwanzo. Ila kile kilichokuwa mbali zaidi na nchi kavu kilichelewa kuliko vingine. Nadharia ilisimama kwenye idadi, lakini aina waliorudi hazikuwa zilezile zilizokuwepo.

Kwa hiyo suala la kikubwa dhidi ya vidogo halina jibu moja. Ila kwa mtoa mada si suala la kuchagua. Rungwe ipo na inalindwa na serikali. Hekta 180 zipo na ni za kijiji.

DoriaKilolo

Mama umeongea vizuri ila naomba niweke jingine. Mimi ni askari wa doria wa msitu, Kilolo. Kitu cha kwanza kinachopita kwenye mstari wa miti kati ya mashamba ni mtu mwenye waya. Mnyama akiwa kwenye msitu mpana hujui atapita wapi. Kwenye ukanda wa mita 120 unajua. Mtegaji anatega pale pembamba, pale ambapo kijito kinabanwa na jiwe au daraja, na kila digidigi anayejaribu kuvuka anaishia pale. Moto nao hivyohivyo: mtu akichoma shamba mwezi wa kumi, ukanda wenye kangaga kavu unaupeleka moto hadi hifadhini. Tumeshauona moto ukitembea namna hiyo.

Sisemi msipande. Nasema msitu wa kijiji unaowatunzia wanyama ukiunganishwa na kinjia cha mitego, utawanyonya wale wa Rungwe.

MamaMivengi

Hilo ni kweli tupu na linaandikwa mara chache mno kwenye mapendekezo ya miradi. Simberloff niliyemtaja alikuwa miongoni mwa waliotahadharisha mapema kuhusu shoroba kwa sababu hizohizo: moto, magonjwa, wawindaji, na fedha ambazo zingenunua ardhi bora kwingine.

Kwa upande wa pili, kuna jaribio moja zuri kule Karolina Kusini, Marekani. Walifyeka viwanja vya wazi ndani ya shamba la miti ya paina, vingine wakaviunganisha kwa njia ya upana wa mita 25, vingine wakaviacha peke yake. Walichofanya kwa akili ni kwamba vile visivyounganishwa waliviongezea eneo sawa na la ile njia, ili mtu asiseme vimezidiwa kwa sababu ya ukubwa. Baada ya miaka mitano viwanja vilivyounganishwa vilikuwa na spishi za mimea zaidi kwa asilimia 20, na baada ya miaka karibu 20 bado vilizidi kwa asilimia 14. Kwa hiyo muunganiko wenyewe una faida, si eneo tu. Lakini hiyo ni mimea, kwenye nchi tambarare, mahali pasipo na mitego.

ShambaLaBibi

Nasoma tu huku nimekaa kimya lakini niseme. Mimi shamba langu la viazi liko kwenye kijito kama hicho, si kijiji cha mtoa mada ila wilaya ni hiihii. Mita 60 mnazosema "bila kunyang'anya shamba la mtu" ndipo mahali penye rutuba na maji ya kumwagilia kiangazi. Bibi yangu alilima hapo kabla sheria haijaandikwa. Mkisema ukanda hautoshi mkaanza kutaka upana zaidi, mtachukua wapi? Naomba jibu la hesabu, si la maneno.

MamaMivengi

Umeuliza kitu sahihi kabisa dada, na hesabu ninayo.

Mita 120 kwa kilomita 1.8 ni hekta 21.6. Sasa, msitu una ngozi na una moyo. Pembeni jua linaingia, upepo unakausha, miti mikubwa inaanguka, mimea inayotambaa na magugu yanashika. Kule Brazili, kwenye vipande vya hekta 1, 10 na 100 vilivyofuatiliwa tangu mwisho wa miaka ya 1970, mabadiliko mengi ya pembeni yalionekana ndani ya mita 100 za kwanza, na mengine, kama miti kuangushwa na upepo, yalikwenda mbali zaidi. Chukua mita 100 kila upande. Ukanda wa mita 120 hauna moyo hata kidogo. Ni ngozi mwanzo mwisho. Ili upate moyo wa mita 100 unahitaji upana wa mita 300, na hapo jumla ni hekta 54. Tofauti ni hekta 32.4, yaani ekari 80. Hizo ekari 80 ni za watu kama wewe.

Kuna njia ya katikati. Acha ukanda mzima mita 120, kisha tafuta sehemu tatu tu ambazo korongo ni kali au pana mawe, pasipolimika vizuri, upanue pale hadi mita 300 kwa 300. Hapo ardhi ya ziada ni hekta 16.2, ekari 40, nusu ya ile ya kwanza. Lakini niwe mkweli: nusu ya ardhi haikupi nusu ya moyo. Ukanda wa mita 300 moja kwa moja unakupa moyo wa hekta 18. Vile vituo vitatu, kwa kipimo hichohicho, vinakupa kama hekta 3 tu. Pembeni ikishafunga kwa vichaka vizito na jua likazuiwa, athari inaweza kupungua hadi kama mita 50, na hapo vituo vinafika kama hekta 12. Kwa hiyo namna mnavyoutunza ukingo ina uzito sawa na upana mnaoutaka.

MjumbeWaMaliasili

Hii hesabu naichapisha niende nayo kamati. Lakini Mama, kama mita 120 hazina moyo, basi mzee ana haki? Hakuna atakayepita?

MamaMivengi

Inategemea nani. Ushoroba haupimwi kwa mita peke yake, unapimwa kwa mnyama.

Kima atapita, hata kwenye ukanda mwembamba, ilimradi matawi yameshikana au nafasi za kurukia ni fupi. Popo na ndege wanaokula matunda watapita mapema zaidi, hata kabla miti haijakomaa, na hao ndio watawapandia mbegu bure. Nguruwe pori anapita leo bila ushoroba.

Wasiopita ni ndege wa chini ya msitu, wale wanaokula wadudu gizani kwenye majani makavu na hawapandi juu. Hao ndio wenye shida kubwa. William Newmark aliwafuatilia kwenye vipande vya msitu vya Usambara Mashariki, Tanga. Vipande vidogo na vilivyojitenga vilikuwa vimewapoteza wengi wao. Ndege mwenye mabawa anashindwa kuvuka uwazi ambao wewe unautembea kwa dakika chache, kwa sababu kwake jua na uwazi ni hatari. Huyo anahitaji moyo au angalau kivuli kizito kisichokatika. Kama kuna pengo la barabara na daraja katikati ya kijito chenu, kwake ushoroba umeishia hapo.

Kwa hiyo mzee ana haki kwa hao, na hana haki kwa wengine. Mwambieni ataje mnyama.

Mhitimu_Moro

Na kipunji? Vijana wameshatangaza.

MamaMivengi

Vijana wapunguze sauti. Kipunji aligunduliwa na wanasayansi miaka ya 2003 na 2004, akatangazwa 2005, ingawa wazee wa Rungwe walimjua kwa jina hilohilo. Sensa iliyochapishwa 2008 ilihesabu 1,117, katika makundi 38. Kati yao 1,042 walikuwa huku Rungwe na Kitulo, na 75 kule Ndundulu, Udzungwa. Kati ya sehemu hizo mbili ni kama kilomita 350. Hakuna ushoroba utakaoziunganisha. Wale 75 walikuwa kisiwa kwa maana halisi ya neno, na kwao kilichobaki ni ulinzi wa palepale.

Lakini Rungwe na Kitulo ni habari tofauti. Msitu wa mlima Rungwe na ule wa Livingstone ulio upande wa Kitulo unakutana kwenye shingo nyembamba ya Bujingijila, na hiyo shingo iliharibiwa sana. Pande zote mbili zina kipunji. Hapo ndipo kuunganisha kunabadilisha mambo, kwa sababu unaunganisha vikubwa viwili, si kikubwa na kipande. Na angalia faida yenyewe ni ya aina gani. Si kuongeza majina ya spishi. Ni kuzuia makundi madogo yasizaliane yenyewe kwa yenyewe. Kwa jambo hilo huhitaji msafara. Wahifadhi wanatumia kipimo cha kukadiria kwamba mgeni mmoja au wachache kwa kila kizazi, anayefika na akazaa, anatosha kuzuia damu isijitenge. Kwa jamii nyingi za nyani na kima anayehama ni dume kijana. Ushoroba unaopitisha madume wachache kwa miaka kumi unaweza kuwa umefanya kazi yake, hata kama wanakijiji hawajawahi kumwona mnyama ndani yake.

Kipunji akija kwenye hekta 180 zenu, sioni kundi likikaa humo peke yake. Anakula sehemu za mimea zaidi ya 100, makundi yake huwa na wastani wa karibu 30, na anaishi juu mitini. Anaweza kuja kutafuta chakula na kurudi, kama ukanda una matunda. Anaweza pia kuingia kwenye mahindi. Hilo mliseme mapema, kabla ya habari za watalii.

DoriaKilolo

Kwenye mahindi ndipo anapouawa. Mliweke kwenye sheria ndogo.

MjumbeWaMaliasili

Tumefika kwenye paina sasa. Wanaotaka paina wana hoja ya hela na mimi siwezi kuipuuza.

MamaMivengi

Usiipuuze, ila ihamishe mahali. Paina ndani ya ukanda haina tunda la kima, haina wadudu wa kutosha kwa ndege wa chini, na zile sindano zinazoanguka zinawaka vibaya. Tena siku ya kuvuna unakata ushoroba wako mwenyewe kwa msumeno. Lakini paina nje ya ukanda, pembeni, ni bora kuliko viazi: inazuia upepo na jua kuingia, ule ukingo niliousema unafunga. Mwenye shamba apande mistari yake nje ya zile mita 60, iwe mali yake, avune kwa zamu na si zote mara moja. Barabara ya moto iwe kati ya paina na miti ya asili.

Ndani pandeni mivengi karibu na maji, mikuyu hapa na pale, na miti ya jamii ya Macaranga ambayo kipunji na kima wanaipenda na inakua haraka. Msijaze kila mita. Mkipanda mita tatu kwa tatu kwenye hekta 21.6 mnahitaji miche kama 24,000, na nimeona miradi inayopanda hivyo halafu mwaka wa pili hakuna anayepalilia, kangaga inafunika kila kitu. Bora mpande vishada, kila kimoja miche 30 hadi 50, mkaviacha na nafasi kati, mkavipalilia kwa miaka mitatu kweli. Ndege watakaotua juu ya vishada wataleta mbegu za kujaza nafasi. Palipo na mche wa asili ulioota wenyewe kwenye korongo, uwekeeni kijiti na ufyekewe pembeni. Huo umeshazoea pale, una faida kuliko wa kitaluni.

ShambaLaBibi

Mimi pareto yangu ikipakana na ukanda, kima hawaigusi. Hilo nina uhakika. Mahindi ndiyo wanayafuata. Kwa hiyo kama kijiji kitakubaliana wanaopakana na ukanda wabadilishe mahindi wapande pareto, mtu hapotezi ekari, anabadilisha zao. Ila bei ya pareto nani ataisimamia? Mkinijibu hilo nitakuwa wa kwanza kutoa kona ya shamba langu ya kwenye korongo.

Mhitimu_Moro

Dawa ya pareto inaua wadudu. Si mnafukuza chakula cha ndege mlangoni kwa ushoroba?

MamaMivengi

Sumu inatolewa kwenye maua yaliyokaushwa kiwandani, si kwamba shamba linapuliza. Ila namna wadudu wanavyokuwa kwenye shamba la pareto linalopakana na msitu sijaona likipimwa huku kwetu, na ni swali zuri. Kwangu mimi pareto dhidi ya mahindi, nachagua pareto kwa sababu ya ugomvi na kima. Suala la bei liko juu ya uwezo wangu dada, ni la chama cha ushirika.

IgawaKwetu

Naona mmenikwepa kwenye kifuta jasho.

MamaMivengi

Hatujakukwepa kaka. Tembo ni sura nyingine. Yeye hahitaji moyo wa msitu, anahitaji asizuiwe na asikutane na mahindi njiani. Kule Kilombero, kati ya Udzungwa na Nyerere, wamejenga njia ya tembo chini ya barabara ya Ifakara, wakaweka na uzio wa umeme pembeni ili wasitawanyike mashambani. Ni kazi ya fedha nyingi na makubaliano ya vijiji vingi. Kwenu kuna barabara kuu pia, kwa hiyo mazungumzo yenu yanapaswa kuanzia pale inapokatiza. Fungua uzi wake, nitachangia.

MjumbeWaMaliasili

Wakuu nashukuru. La mwisho: mfadhili anataka kujua tutapimaje mafanikio. Yeye alipendekeza kuhesabu miche iliyo hai.

MamaMivengi

Miche hai inapima upandaji, haipimi ushoroba. Mnaweza kuwa na miche 20,000 hai na hakuna kilichopita.

Ombeni kamera nne za mtego. Mbili ziwe katikati ya ukanda, karibu na kilomita 0.9, siyo mwishoni, kwa sababu mwishoni utapiga picha wakazi wa msitu waliotoka kunyoosha miguu. Moja iwe ndani ya msitu wenu, na ya nne kwenye kijito kingine kinachofanana ambacho hamtapanda kitu, ili baada ya miaka mitano mtu akisema wanyama wameongezeka kila mahali muwe na cha kulinganisha. Na zianze kabla ya mche wa kwanza kuingia ardhini. Ukianza kupima baada ya kupanda, hutajua kama yule digidigi alikuwa anapita tangu zamani.

Kwa ndege wa chini, mtu anayejua sauti zao atembee alfajiri kwenye msitu wenu na aandike orodha sasa. Kama wameshatoweka humo, ushoroba wa ngozi tupu hautawarudisha, na mtajua kwamba mnahitaji vile vituo vya mita 300. Kama bado wapo, mna muda.

DoriaKilolo

Na kamera za katikati zifungwe na mnyororo, na juu ya kimo cha mtu. Zitawaonyesha pia nani anabeba waya.

MjumbeWaMaliasili

Mkutano ni baada ya mavuno ya viazi. Kwenye ramani nimeshaziona kona mbili zenye korongo kali zinazofaa kuwa vituo. Ya tatu ni shamba la mjumbe mwenzangu wa kamati, yule anayetaka paina. Nitaanza kwake.